Mwali, Harufu na Jivu: Moto Unavyofichua Asili ya Kitambaa

Kitambaa kilichokwisha kufumwa, kutiwa rangi na kupigwa pasi huweza kuificha asili yake mbele ya macho na hata chini ya vidole, kwa kuwa viwanda vya leo vina uwezo wa kuifanya poliesta iteleze kama hariri, kuipa viskosi mguso wa pamba na kuifanya akriliki ivimbe na kupasha joto kama sufu. Mnunuzi anayesimama mbele ya jora lisilo na lebo, fundi cherehani anayeletewa kipande ashone gauni, na mtengenezaji wa batiki ambaye rangi zake hushikamana na pamba lakini huteleza juu ya poliesta bila kuingia, wote hukabiliwa na swali moja: nguo hii imetokana na nini hasa? Njia ya zamani na nyepesi ya kulijibu ni kuzichoma nyuzi chache na kufuatilia kwa makini namna zinavyoukaribia moto, zinavyowaka, zinavyonukia na kile zinachokiacha. Mafundi wengi huijua njia hii, ila wengi huitumia nusu, kwa maana huunusa moshi na kutoa hukumu papo hapo, ilhali harufu peke yake ni shahidi mmoja tu kati ya kadhaa, na shahidi huyo hukosea mara nyingi vitambaa vilivyochanganywa vinapohusika.

Ili jaribio lieleweke, yafaa kwanza kutofautisha vitu viwili. Uzi ni ule unaoonekana ukichomolewa kitambaani, na uzi huo umesokotwa kwa vijiuzi vyembamba sana viitwavyo nyuzinyuzi, ambavyo ndivyo maada halisi ya nguo. Kila unyuzi umejengwa kwa polima, yaani molekuli ndefu iliyoundwa kwa vipande vidogo vinavyofanana na kuungana kimoja baada ya kingine kwa maelfu. Moto haulijui jina la kibiashara la kitambaa wala nchi kilikotoka, bali huivunja polima hiyo, na kila polima huvunjika kwa namna yake. Kwa hiyo jaribio la kuchoma, kwa hakika, huitambua familia ya kikemia, na nguo nyingi zinazovaliwa huangukia katika familia tatu: selulosi, ambayo ni maada ya pamba, kitani na viskosi, protini, ambayo ni maada ya sufu na hariri, na polima za viwandani zinazoyeyuka, ambazo poliesta na nailoni ndizo zinazojulikana zaidi.

Matayarisho na mpangilio wa kutazama

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno. Nyuzi kumi hivi zenye urefu wa sentimita 5, zikisokotwa pamoja kuwa kitita kimoja chembamba, zinatosha kwa jaribio moja, na huwa bora kuliko kipande cha kitambaa chenyewe kwa sababu ambayo itaonekana baadaye. Kitita hushikwa kwa kibano cha chuma, wala si kwa vidole, kwa kuwa poliesta na nailoni hudondosha matone yanayowaka, na tone la namna hiyo likiangukia ngozi hunata na kuendelea kuunguza. Chini ya mkono huwekwa sahani ya chuma au ya udongo yenye mchanga mkavu, na kando yake bakuli la maji, huku dirisha likiwa wazi lakini upepo usifike penye moto.

Chanzo cha moto nacho kina athari juu ya matokeo. Taa ya spiriti hutoa mwali safi usio na masizi wala harufu kali, na ndiyo inayopendelewa maabara. Kiberiti cha gesi hufaa pia, mradi gesi yake iachwe iwake kwa utulivu kabla ya uzi kukaribishwa. Mshumaa ni wa mwisho kuchaguliwa, kwa sababu huacha masizi meusi juu ya sampuli na hutoa harufu ya nta, na mambo hayo mawili yanaweza kumfanya mpimaji adhani kuwa ameona moshi mweusi wa poliesta mahali ambapo hapakuwa na chochote ila mshumaa.

Utazamaji hufuata mpangilio usiobadilika, nao una vituo vitano. Kwanza kitita husogezwa polepole kutoka ubavuni mwa mwali, si kutoka juu yake, ili ionekane kama ncha zinajikunja na kurudi nyuma kabla hazijaguswa na moto au zinatulia mahali pake. Pili kitita huingizwa ndani ya mwali, na hapo hutazamwa kama kinawaka moja kwa moja au kinayeyuka kwanza, na moshi wake ni wa rangi gani. Tatu huondolewa motoni, na mpimaji huangalia kama kinaendelea kuwaka, kinazimika chenyewe, au mwali unazimika lakini kaa jekundu linaendelea kutambaa. Nne, baada ya mwali kuzimika, hewa iliyo juu ya kitita hupungwa kwa kiganja kuelekea puani, bila kuinamia moshi, ili harufu isikike kwa kiasi kidogo. Tano, masalio yakishapoa kabisa, husagwa kati ya kidole gumba na cha shahada. Anayeviruka vituo viwili vya mwanzo na kuanzia kwenye harufu huwa ameupoteza ushahidi ulio thabiti zaidi, kwa sababu kujikunja na kuyeyuka huonekana kwa jicho la mtu yeyote, ilhali harufu hutegemea pua na kumbukumbu ya anayenusa.

Pamba huacha jivu, poliesta huacha ushanga

Tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni ile iliyopo kati ya nyuzinyuzi zinazoungua bila kuyeyuka na zile zinazoyeyuka kabla ya kuungua, na mfano wake ulio wazi ni pamba ikilinganishwa na poliesta.

Selulosi ya pamba ni mnyororo mrefu wa vipande vya glukosi, yaani sukari ileile ambayo mmea huitengeneza kwa mwanga wa jua, na minyororo hiyo hulala ubavu kwa ubavu ikishikana kwa nguvu nyingi sana. Inapopashwa joto haiwezi kuachana na kuteleza ili maada igeuke kimiminika, kwa kuwa kabla joto halijatosha kuitenganisha minyororo, mnyororo wenyewe huwa umekwisha kukatika. Kuanzia nyuzijoto 300 za Selsiasi hivi, selulosi huvunjika na kutoa gesi zinazowaka, na gesi hizo ndizo zinazozaa mwali wa manjano unaoonekana, huku nyuma yake pakibaki mkaa mwepesi wa kaboni. Ndiyo maana ncha za uzi wa pamba haziukimbii moto, ndiyo maana uzi hushika mara moja na kuendelea kuwaka hata baada ya kuondolewa, na ndiyo maana mwali ukizimwa, kaa jekundu huendelea kutambaa juu ya uzi. Kaa hilo si mwali mdogo, bali ni mkaa wenyewe unaoungana na oksijeni ya hewa moja kwa moja, bila gesi kati yao. Harufu yake ni ya karatasi inayoungua, na haiwezi kuwa nyingine, kwa sababu karatasi nayo imetengenezwa kwa selulosi. Mwisho hubaki jivu la kijivu, laini na jepesi, ambalo huhifadhi umbo la uzi mpaka liguswe na kugeuka vumbi, nalo ni madini machache ambayo mpamba uliyafyonza kutoka ardhini.

Poliesta ya nguo, iliyovumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na wanakemia John Rex Whinfield na James Tennant Dickson, hufuata njia tofauti kabisa. Minyororo yake hushikana kwa nguvu kidogo kuliko ile ya selulosi, kwa hiyo huachana na kuteleza kwenye nyuzijoto zinazokaribia 255, wakati mnyororo wenyewe bado ni mzima na utahitaji joto kubwa zaidi ili ukatike. Kati ya joto la kuyeyuka na joto la kuvunjika pana nafasi pana ambamo poliesta ni kimiminika kizito, na sifa zake nyingi motoni hutokana na nafasi hiyo. Kiwandani nyuzinyuzi zake zilivutwa kwa nguvu ili zirefuke na kuwa imara, na minyororo yake ikabaki imenyooshwa na kugandishwa katika hali hiyo, hivyo joto la moto likizifikia, hata kabla ya mwali kuzigusa, minyororo hulegea na kurudi kwenye mkunjo wake, na uzi huonekana ukijikunja na kurudi nyuma kana kwamba unaukwepa moto. Ukiingizwa ndani huyeyuka, hudondoka, kisha hushika moto na kutoa moshi mweusi wenye masizi, kwa kuwa ndani ya mnyororo wake mna pete za atomi sita za kaboni ambazo haziungui zote kwa urahisi, na zile zisizoungua hukusanyika kuwa masizi. Mara nyingi uzi ukiondolewa motoni huzimika, kwa sababu matone yanayoanguka huondoka na joto pamoja na maada ambayo ingeendelea kuulisha mwali. Harufu yake huelezwa kuwa tamu yenye ukali wa kikemikali, na masalio yake ni ushanga mgumu, wa mviringo na wa rangi ya giza, usiosagika kwa vidole hata ukibanwa kwa nguvu. Umbo hilo la mviringo hutokana na mvutano wa uso wa kimiminika, ambao hulivuta tone lolote liwe duara kabla halijaganda.

Nailoni huangukia upande huohuo wa vitu vinavyoyeyuka. Nayo hujikunja, huyeyuka na kuacha ushanga mgumu, ila ushanga wake huwa na rangi hafifu zaidi, ya kijivu au ya hudhurungi, moshi wake si mweusi sana, na harufu yake hufananishwa na ile ya seleri. Akriliki, ambayo hujaza masweta na mablanketi mengi ya bei nafuu, huyeyuka na kuwaka kwa wakati mmoja, kwa kasi na kwa kuchachatika, ikitoa moshi mweusi wa kukaba na kuacha donge jeusi lisilo na umbo maalumu. Moshi wa akriliki una gesi ya haidrojeni sianidi, ambayo ni sumu, na kwa sababu hiyo jaribio lake hufanywa kwa nyuzi chache kabisa, penye hewa ya kutosha, na bila kuusogelea moshi kwa makusudi.

Harufu ya nywele: sufu na hariri

Familia ya protini ndiyo inayotambulika kwa pua kwa uhakika mkubwa kuliko zote. Sufu imejengwa kwa keratini, protini ileile ya nywele, kucha na manyoya ya kuku, na hivyo harufu ya sufu inayoungua ni ile inayojulikana na kila aliyewahi kubabua kuku juu ya moto baada ya kumnyonyoa. Chanzo chake ni nitrojeni iliyomo katika protini zote, pamoja na salfa, ambayo keratini inayo kwa wingi kwa kuwa ndiyo inayoifunga minyororo yake pamoja. Hariri imejengwa kwa protini nyingine iitwayo fibroini, ambayo karibu haina salfa, na kwa sababu hiyo harufu yake ni ya jamii hiyohiyo lakini hafifu zaidi, kiasi kwamba pua isiyozoea huweza kuikosa kabisa ikiwa nyuzi zilizochomwa ni chache mno.

Mwenendo wa protini ndani ya moto nao una maana yake. Wanasayansi hupima urahisi wa kitu kuwaka kwa kutafuta kiwango cha chini kabisa cha oksijeni kinachohitajika ili mwali uendelee, na kwa kuwa hewa ya kawaida ina oksijeni ya takriban asilimia 21, kitu kinachohitaji kiasi kidogo kuliko hicho huendelea kuwaka hewani, ilhali kinachohitaji zaidi hujizimia chenyewe. Pamba huhitaji takriban asilimia 18, na sufu takriban 25. Tofauti hiyo huonekana waziwazi kwenye ncha ya kibano: uzi wa pamba huteketea mpaka mwisho, ilhali uzi wa sufu hujikunja, huungua taratibu na kwa kusitasita ukiwa motoni, kisha huzimika mara uondolewapo. Masalio yake ni donge jeusi lililovimba, na hapo ndipo penye kipimo cha kuitenganisha na nyuzi za viwandani, kwa kuwa donge la sufu au la hariri huonekana kwa mbali kama ushanga wa poliesta, lakini likibanwa kati ya vidole husagika mara moja na kuwa unga mweusi. Anayetazama tu bila kusaga huweza kuiita hariri poliesta, au poliesta hariri.

Hariri ina ukweli mwingine unaostahili kutajwa. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Ulaya walizoea kuiongezea hariri uzito kwa chumvi za metali, hasa za bati, kwa kuwa hariri iliuzwa kwa uzito. Kitambaa cha namna hiyo kikichomwa hakiachi donge, bali huacha jivu lililoshikilia umbo la ufumaji wake, kwa sababu metali haikuungua pamoja na protini. Masalio, kwa hiyo, hueleza pia mambo ambayo kitambaa kilitendewa baada ya kufumwa.

Mfano wa kitambaa cheupe cha batiki

Chukuliwe kitambaa cheupe kilichonunuliwa kwa ajili ya batiki, ambacho muuzaji amekitaja kuwa pamba tupu. Rangi nyingi zinazotumika kwa pamba huungana na selulosi, na poliesta huziachia zioshwe na maji, hivyo kosa la kuchagua kitambaa hudhihirika baada ya nta, rangi na kazi yote kwisha kutumika. Jaribio la kuchoma likifanywa kabla ya hapo huokoa yote hayo, mradi lifanywe kwa mpangilio.

Hatua ya kwanza ni kutenganisha nyuzi za pande mbili za kitambaa. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, yaani nyuzi zinazokwenda kwa urefu sambamba na ukingo wa jora, na mshindio, yaani nyuzi zinazopita kwa upana zikipishana na zile za mtande. Hakuna sheria inayoulazimisha mtambo wa kufumia kutumia aina moja ya uzi pande zote mbili. Basi mpimaji hukata kipande cha pembe nne mbali na mshono wowote, kwa kuwa uzi wa kushonea mara nyingi ni wa poliesta na ungeharibu matokeo, kisha huchomoa nyuzi kumi za mtande na kuzisokota pamoja, na kumi za mshindio na kuzisokota peke yake.

Kitita cha mtande husogezwa kwanza. Ncha zake zinatulia, zinashika moto zilipoguswa tu, zinatoa mwali wa manjano na moshi mwepesi, na baada ya kuondolewa zinaendelea kuwaka. Mwali ukipulizwa, kaa jekundu linatambaa kwa sekunde kadhaa, harufu ni ya karatasi, na kinachobaki ni jivu la kijivu linalopeperuka. Hiyo ni selulosi. Kitita cha mshindio husogezwa baada yake, na mambo hubadilika kabla hata hakijaufikia mwali: ncha zinajikunja na kurudi nyuma, zinaungana kuwa tone linaloning'inia, kisha tone linawaka kwa moshi mweusi na kudondoka mchangani. Mchanga ukipoa, hutolewa humo ushanga mgumu mweusi usiovunjika kwa vidole. Hiyo ni poliesta. Kitambaa, basi, ni cha mchanganyiko, na madai ya pamba tupu hayakusimama.

Umuhimu wa kutenganisha pande hizo huonekana kipande cha kitambaa kilekile kinapochomwa kikiwa kizima. Hapo poliesta haijikunji, kwa sababu imeshikwa na nyuzi za pamba zisizorudi nyuma, wala haidondoki, kwa sababu mkaa wa pamba huinyonya poliesta iliyoyeyuka na kuishikilia ndani ya mwali kama utambi unavyoshika mafuta. Dalili mbili kuu za poliesta hutoweka hivyo, na kinachosikika zaidi ni harufu ya karatasi. Mpimaji anayetegemea pua angetangaza kuwa ni pamba. Zaidi ya hayo, kitambaa cha namna hiyo huweza kuwaka kwa urahisi kuliko poliesta peke yake, kwa sababu maada iliyoyeyuka haipati nafasi ya kudondoka na kuondoka na joto lake, jambo ambalo anayeshona nguo za watoto au pazia za jikoni hapaswi kulisahau.

Upo mchanganyiko mgumu zaidi kuugundua, ambamo nyuzinyuzi za pamba na za poliesta zimechanganywa kabla ya kusokotwa, na kila uzi, wa mtande na wa mshindio, una aina zote mbili ndani yake. Hapo kutenganisha pande hakusaidii, kwa kuwa pande zote hutoa jibu moja lenye dalili zilizochanganyika: ncha hujikunja kidogo tu, mwali huendelea, harufu ni ya karatasi, na masalio huonekana kama mkaa mweusi. Ushahidi hupatikana kwenye kituo cha tano, yaani kusaga. Jivu la pamba safi hupotea kati ya vidole bila kuacha kitu, ilhali la mchanganyiko huacha punje ndogo ngumu zinazokwaruza, au donge lenye ganda laini na kiini kigumu. Punje hizo ni poliesta iliyoyeyuka na kuganda ndani ya mkaa. Pasipo kusagwa, hazionekani.

Mahali ambapo moto hautoshi

Jaribio likiisha kusema kuwa mtande ni selulosi, halijasema kuwa ni pamba. Viskosi ni selulosi pia, iliyoyeyushwa kwa kemikali kutoka kwenye miti au mianzi na kutolewa upya kama nyuzinyuzi, na kwa kuwa polima ni ileile, mwali, harufu na jivu huwa karibu sawa. Viskosi huelekea kuwaka kwa kasi kidogo zaidi na kuacha jivu haba, lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kujengewa hukumu. Vitambaa vingi vinavyouzwa kwa jina la mianzi ni viskosi kwa hakika, na mwaka 2009 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilichukua hatua dhidi ya wauzaji walioviita kwa jina la mianzi bila kutaja viskosi. Hapo maji husaidia pale moto uliposhindwa: uzi mmoja hulowanishwa katikati na kuvutwa mpaka ukatike. Viskosi hupoteza nguvu nyingi inapolowana, kwa hiyo hukatika kwa urahisi penye maji, ilhali pamba huongezeka nguvu ikilowa, na uzi wake huelekea kukatikia sehemu kavu. Kitani, ambacho nacho ni selulosi, hakitofautishwi na pamba kwa moto bali kwa hadubini, ambapo unyuzi wa pamba huonekana kama utepe uliojipinda na wa kitani kama fimbo yenye vifundo.

Dawa zinazopakwa kitambaani nazo hupotosha ushahidi. Pamba iliyotiwa kemikali za kuzuia moto, ambazo nyingi zina fosforasi, haiwaki kwa urahisi, hujizimia yenyewe na kuacha mkaa mweusi badala ya jivu la kijivu, na mtu angeweza kuidhania sufu kama si kukosekana kwa harufu ya nywele. Rangi za kuchapwa juu ya kitambaa hushikiliwa na gundi ya polima, na gundi hiyo ikiungua huacha vipande vigumu na harufu ya plastiki juu ya pamba ambayo ni safi kabisa. Kwa hiyo sampuli huchukuliwa mahali pasipo na maua ya rangi nzito, na kitambaa kipya huoshwa kwa sabuni, husuuzwa na kukaushwa kabisa kabla ya kuchomwa, ili wanga wa kiwandani uondoke. Kukaushwa huko kuna uzito wake pia, kwa kuwa uzi wenye unyevu hushika moto kwa kuchelewa na kuiga mwenendo wa nyuzinyuzi nyingine.

Mpaka wa mwisho ni wa kiasi. Nyuzinyuzi za kunyumbuka zinazotiwa katika suruali za dengrizi kwa asilimia chache tu hazitoi dalili ya kuaminika, na hata poliesta inapoonekana wazi, moto hausemi kama ni theluthi moja ya kitambaa au theluthi mbili. Swali hilo hujibiwa maabara kwa kuyeyusha: kitambaa hukaushwa na kupimwa uzito, hutiwa katika asidi ya salfuriki ya asilimia 75 ambayo huiyeyusha pamba na kuiacha poliesta, kisha kilichobaki huoshwa, hukaushwa na kupimwa tena. Asidi hiyo ni ya hatari kubwa na haina nafasi nje ya maabara, ila utaratibu wake huonyesha vizuri mahali ambapo kazi ya moto inakoma.

Mtengenezaji wa batiki katika mfano uliotajwa, baada ya vitita viwili vya nyuzi kumi na uzi mmoja wa mtande uliolowanishwa ukakatikia sehemu kavu, anaweza kumwambia muuzaji kwa uhakika kwamba kitambaa chake si pamba tupu, kwamba mtande wake ni selulosi isiyo viskosi na mshindio wake huyeyuka kama poliesta, na kwamba rangi itashika upande mmoja na kuuacha mwingine mweupe. Hawezi kumwambia ni asilimia ngapi, na akikubali kusimama hapo, jibu lake litabaki sahihi hata kitambaa hichohicho kikipelekwa maabara.